Herufi Zinazojirudia: Namna ya Kuisoma na Kuieleza Nguo Iliyojaa Nembo

Mwaka 1888 nyumba ya Louis Vuitton, watengenezaji wa masanduku ya safari jijini Paris, ilianza kufunika masanduku yake kwa turubai ya miraba ya kahawia na rangi ya mchanga, mfano wa ubao wa drafti. Hapa na pale ndani ya mraba walitia maneno madogo ya kusema kwamba hiyo ni alama yao iliyosajiliwa. Walikuwa wamechoka. Turubai zao za mistari zilikuwa zimenakiliwa na kila fundi mwenye nyundo, na miraba nayo haikuchukua muda ikaigwa.

Louis alifariki mwaka 1892. Miaka minne baadaye, 1896, mwanawe Georges akatoa dawa nyingine: herufi L na V za jina la baba yake, zimepandana, na kuzizunguka akapanga maua na nyota zenye ncha nne. Mistari ni ya kila mtu na miraba ni ya kila mtu, lakini herufi za jina la mtu zina mwenyewe. Kwa hiyo nakshi hii, ambayo leo iko kila soko la dunia, ilizaliwa kama kinga dhidi ya waigaji. Ndiyo inayoigwa kuliko zote.

Naanza na kisa hiki kwa sababu anayeandika maelezo ya nguo, awe muuza mitumba ya kuchagua, fundi anayepokea oda kwa simu au mwandishi wa hadithi, mara nyingi huishia kusema "imejaa nembo". Hapo hajasema kitu. Nembo hiyo ina ukubwa gani? Inasomeka kutoka umbali gani? Imefumwa au imechapwa? Na inamwambia nani? Swali hilo la mwisho ndilo linaloyabeba mengine, kwa hiyo tulianze.

Alama inasomwa na nani

Sanduku la Vuitton halikutengenezwa likae chumbani. Lilipakiwa melini na kuteremshwa kwenye stesheni za treni, na wachukuzi pamoja na abiria wengine wakaliona. Ili alama impe mwenyewe hadhi, lazima ifahamike kwa watu wengi kuliko walionunua. Mchukuzi asiyejua LV ni nini angeona sanduku la kahawia tu. Akijua bei yake na akijua kwamba hawezi kuilipa, hapo mwenye sanduku amepata alichokitafuta. Kwa hiyo hadhi ya nembo haimo kwenye kitambaa, imo kwenye kichwa cha mtazamaji.

Sisi watu wa pwani hili tunalijua zamani. Pale Mombasa, kanga za Kaderdina Hajee Essak zimechapwa herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Maneno hayo si jina la kanga, wala hayapambi mji wake. Ni alama ya duka. Lakini mama anayejua kanga huitazama kabla ya kuuliza bei, na mgeni asiyejua haioni kabisa hata ukimpa kanga mkononi. Kitenge cha Vlisco nacho, kutoka Helmond kule Uholanzi, kina jina lake kwenye ukingo wa kitambaa, na wapo wanaomwambia fundi asiukate ukingo huo bali auache uonekane.

Kuna alama za kelele na alama za kunong'ona, na hazilingani bei kama unavyodhani. Mwaka 2010 watafiti watatu, Young Jee Han, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha kazi yao kuhusu mikoba ya Louis Vuitton na Gucci, na walikuta kwamba ndani ya kampuni ileile, kwa wastani, jina linavyoonekana zaidi ndivyo bei inavyoshuka. Mikoba ya bei ya juu ilikuwa kimya. Waigaji nao hupendelea kuiga ile ya kelele, maana mnunuzi wa feki anataka kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mwenye nazo za siku nyingi hataki kujulikana na kila mtu, anataka kujulikana na wenzake. Bottega Veneta ya Italia imejenga biashara kwa njia hiyo: ngozi iliyosukwa kama mkeka, bila herufi hata moja kwa nje. Anayeijua anaijua.

Hapa usikimbilie kusema kwamba nembo kubwa ni ushamba. Mjini Harlem, New York, fundi Daniel Day, maarufu kama Dapper Dan, alifungua duka lake mtaa wa 125 mwaka 1982. Wateja wake walikuwa wanamuziki wa rap, mabondia na watu wa mitaani wenye pesa taslimu, ambao maduka makubwa ya mitindo hayakuwatazama kwa jicho jema. Wakati huo Louis Vuitton, Gucci na Fendi waliuza zaidi mikoba na vitu vya ngozi. Dapper Dan alijifunza kuchapa herufi zao mwenyewe juu ya ngozi, na akashona makoti, suti, hata viti vya magari. Kwa mteja wake herufi ndogo isingesema kitu, kwa sababu alitaka kuonekana na mtaa mzima, mtaa ambao ulikuwa haujazoea kumwona mtu wake ndani ya alama hizo. Ukubwa ule haukuwa kukosa ladha, ulikuwa umepimwa kulingana na watazamaji. Fendi walimfuatilia kisheria, na mwaka 1992 duka likafungwa.

Basi kabla hujaandika neno lolote kuhusu nguo ya nembo, jiulize ilikusudiwa kusomwa kutoka umbali gani. Ndiyo maana njia ninayoitumia inaanzia mbali na kusogea karibu.

Hatua ya kwanza: itundike, kisha rudi nyuma

Tundika nguo ukutani, simama hatua kumi nyuma, na uandike unachokiona kutoka hapo tu. Usitaje jina la kampuni. Pengine herufi hazisomeki, unaona vumbi la dhahabu juu ya kahawia. Pengine unaona mistari ya mshazari ambayo ukisogea utagundua ni safu za herufi. Nakshi ya Fendi ya herufi mbili za F, moja imesimama na nyingine imepinduliwa, iliyochorwa na mbunifu Karl Lagerfeld mwaka 1965, kutoka mbali inaonekana kama matofali au vichochoro vya mji. Herufi zake ni za pembe kali, na mtu anaweza kuitazama muda mrefu asijue kwamba anasoma.

Kinachoamua umbali ni vitu viwili, ukubwa wa herufi na tofauti ya rangi kati yake na kitambaa. Herufi za sentimita 5 za rangi nyeusi juu ya nyeusi, zinazotofautishwa na mng'ao tu, ni za kunong'ona. Herufi za sentimita 2 nyeupe juu ya nyekundu zinapiga kelele. Kwa hiyo usiandike ukubwa peke yake.

Hatua ya pili: tafuta kipande kimoja

Sogea mpaka urefu wa mkono. Nakshi yote, hata iwe na vurugu kiasi gani, imejengwa kwa kipande kimoja kinachorudi. Katafute. Kwenye turubai ya Vuitton kipande hicho kina alama nne: L na V zilizopandana, ua la petali nne za mviringo ndani ya duara, nyota ya ncha nne, na ua la ncha nne ndani ya umbo la almasi lenye pande zilizobonyea kwa ndani. Kwenye ile ya Gucci kuna G mbili zinazotazamana, moja imepinduliwa, na kati ya jozi na jozi kuna nukta.

Unapoeleza herufi mbili, sema zimekaaje. Hapa wengi hukwama, na lugha yetu haina upungufu. Zimepandana, yaani moja iko juu ya nyingine. Zimefumbatana, kama pete mbili za mnyororo. Zimetazamana. Zimepeana mgongo. Moja imesimama na nyingine iko kichwa chini. Ukisema "C mbili zimepeana mgongo na kufumbatana", msomaji anayeijua nyumba ya Chanel ameshaitambua kabla hujaitaja, na asiyejua amepata picha.

Hatua ya tatu: pima inavyorudi

Chukua futi ya fundi. Chagua nukta moja isiyo na utata, kwa mfano ncha ya chini ya V, na upime mpaka ncha ya V nyingine iliyokaa vilevile, kwanza kwenda chini, halafu kwenda pembeni. Vipimo hivyo viwili ndivyo mrudio wa nakshi. Kama alama ileile iko mara imesimama, mara imegeuzwa, usipime mpaka iliyogeuzwa, nenda mpaka ile iliyosimama kama ya kwanza.

Kisha sema mpangilio. Safu nyoofu ni pale alama zinapokaa chini ya nyingine na pembeni ya nyingine, kama madirisha ya ghorofa. Mpangilio wa matofali ni pale safu ya pili inaposukumwa nusu hatua, ili alama ikae chini ya nafasi iliyo kati ya mbili za juu. Hizi za nyumba kubwa nyingi ziko kwa namna hii ya pili, na kwa sababu hiyo jicho huona mshazari. Nakshi ya Dior ya mwaka 1967, iliyotoka wakati Marc Bohan akiwa mbunifu wao, imelalia mshazari kiasi kwamba jina lake lenyewe, Oblique, lina maana hiyo.

Fundi anahitaji vipimo hivi kuliko mtu yeyote. Mrudio wa sentimita 4 hauli kitambaa. Mrudio wa sentimita 30 unaweza kukudai karibu sentimita 30 za ziada kwa kila kipande ambacho lazima kioane na kingine.

Hatua ya nne: pitisha kidole, kisha igeuze

Sasa gusa. Pitisha ukucha juu ya herufi na kando yake, halafu igeuze nguo ndani nje. Kama upande wa ndani umefifia au ni mweupe, imechapwa. Kama upande wa ndani herufi zipo lakini rangi zimebadilishana, yaani iliyokuwa dhahabu juu ya kahawia sasa ni kahawia juu ya dhahabu, imefumwa pamoja na kitambaa. Kama herufi zimevimba, zina nyuzi zinazong'aa, na nyuma kuna mafundo au karatasi ngumu, imetariziwa. Kwenye ngozi, herufi inaweza kuwa imekandamizwa na kuacha bonde lisilo na rangi yake, na hiyo ndiyo minong'ono ya mwisho, kwani huonekana pale tu mwanga unapopita ubavuni.

Turubai ya mikoba ina jambo lake. Tangu 1959 ile ya Vuitton ni kitambaa kilichopakwa plastiki, ndiyo maana ukucha huteleza na maji hayaingii. Wengi huiita ngozi. Ngozi ni ile mikanda na mishikio tu, na ukiiandika turubai kuwa ngozi, mteja anayejua atakuachia ujumbe mmoja wa kukuaibisha mbele ya watu. Najua, maana ulinifika.

Hatua ya tano: fuata mishono

Hapa ndipo utakapojua nguo ilishonwa na mtu aliyejali au aliyeharakisha, na kwa maoni yangu ni hatua yenye habari kuliko zote. Angalia sehemu tano: mfuko wa kifuani, mahali vifungo vinapokutana, kola, mishono ya ubavuni, na mwanzo wa mkono.

Mfuko uliooanishwa vizuri hupotea, nakshi inapita juu yake kana kwamba haupo. Pale vifungo vinapofungwa, herufi iliyoanza upande wa kulia inatakiwa imalizike kushoto. Ubavuni ni kugumu zaidi, na hata nguo nzuri huweza kukubali nakshi ikatike hapo, hasa panapopindwa kwa ajili ya kiuno. Kwa hiyo usimhukumu fundi kwa ubavu kabla hujaangalia kifua.

Kuna kosa jingine linalotangazwa kwa pupa: herufi zilizo kichwa chini. Mtu akiona hivyo anapaza sauti, "Feki!" Subiri kwanza. Mkoba wa Vuitton uitwao Speedy hukatwa turubai yake kipande kimoja kinachopita chini ya kitako bila mshono. Upande mmoja ukisimama sawa, wa pili lazima ugeuke. Kwa hiyo LV za upande mmoja ziko kichwa chini kwenye ule ulio halali, na ukiona pande zote mbili zimesimama bila mshono chini ndipo uanze kuuliza maswali. Mantiki ni ileile ya dera: ukikunja kitambaa kimoja mabegani bila kushona hapo, maandishi yaliyosimama kifuani yatapinduka mgongoni. Fundi hana kosa, labda kosa la kutokuuliza. Lakini shati lenye mshono wa begani halina kisingizio. Hapo herufi zikipinduka mgongoni, aliyekata alikuwa anabana kitambaa.

Mfano: shati moja la mtumba

Shati hili lilitoka kwenye belo, na lebo ya shingoni ilikuwa imekatwa. Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa haya: "Shati kali, nembo kibao, orijino, limebaki moja." Liliuzwa, likarudishwa siku ya pili. Mnunuzi alidhani herufi zimetariziwa, na alitaka la kuvaa harusini.

Nikalitundika upya na kupita hatua zote. Maelezo ya pili yalisomeka hivi:

"Shati la mikono mifupi, kola ya kulala, kitambaa chepesi kinachoteleza. Rangi ni kahawia iliyoiva. Kutoka mbali linaonekana na mistari myembamba ya mshazari, ukisogea ni jozi za herufi moja zilizopeana mgongo, rangi ya mchanga, kila jozi sentimita 2 na nusu, zimepangwa kimatofali na nukta katikati. Herufi zimechapwa, ndani kitambaa kimefifia. Mfuko na sehemu ya vifungo vimeoana, ubavuni nakshi inakatika. Lebo ya shingoni haipo, kwa hiyo sitaji kampuni."

Lilikaa wiki moja likapata mwenyewe, na halikurudi. Tazama sentensi ya mwisho. Nakshi peke yake haithibitishi aliyeitengeneza, kwa sababu herufi ndicho kitu rahisi kuiga kuliko mshono wala kitambaa. Andika "orijino" pale tu una risiti au umepata uthibitisho wa mtu anayeweza kusimama na neno lake. Vinginevyo eleza unachokiona na uache pengo lionekane ni pengo. Na kama una hakika kwamba ni feki, kuiuza kwa jina la kampuni ni kosa la kisheria, maelezo mazuri hayaliondoi.

Ukiwa unaandika hadithi, geuza mpangilio

Mwandishi wa hadithi hahitaji sentimita. Anahitaji umbali na mtazamaji. Chukua koti ambalo Dapper Dan alimshonea mkimbiaji Diane Dixon, mshindi wa medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 1984, ambalo alipigwa nalo picha mwaka 1989. Ukiandika "alivaa koti la Louis Vuitton" umekosea mara mbili: Vuitton hawakulitengeneza, na msomaji hajaona kitu. Liangalie. Kiwiliwili ni manyoya ya kahawia, kimya, hayana herufi. Mikono ndiyo inayosema: imefura kama maputo mawili kutoka begani, na juu ya ule uvimbe LV zinajirudia. Herufi zimewekwa pale ambapo mwili unajitanua zaidi, kwa hiyo kila akiinua mkono, ndizo zinazotangulia kuonekana.

Mei 2017, kwenye onyesho lao mjini Florence, Gucci walileta koti linalofanana nalo mno, mikono ileile iliyofura, ila LV zimeondolewa na mahali pake zimekaa G mbili. Dixon mwenyewe alijitokeza mtandaoni kudai fundi wake atajwe. Baada ya zogo hilo Gucci wakashirikiana na Dapper Dan, na mwaka uliofuata akafungua tena karakana Harlem, safari hii akipewa vitambaa na kampuni yenyewe. Anayeeleza makoti hayo mawili kwa kutaja nembo tu atasema ni tofauti. Anayeeleza mahali nembo ilipokaa, umbo linaloibeba na sehemu za nguo zilizonyamazishwa ili ile isikike, ataona ni koti lile lile.

Kwenye hadithi, basi, anza na kinachoonekana kwa mtu aliye mbali, umlete mhusika karibu, na jina la kampuni liseme mtu mwingine. Mwache shangazi mlangoni aone "vijidudu vya dhahabu" kwenye kitambaa, na kijana pembeni yake ahesabu kimoyomoyo bei ya simu tatu. Nguo ni ileile. Shangazi amerudi kumenya vitunguu, kijana bado anatazama.